Gharama ya Miaka Mitano: Hesabu kutoka Taarifa ya Mwanachama

(Mada iliyotolewa katika mkutano wa wakazi wa kata kuhusu akiba ya uzeeni)



Mkononi ninayo taarifa ya mwaka ya mwanachama mmoja wa hiari katika mfuko wa hifadhi ya jamii. Ni fundi seremala mwenzetu, naye ameniruhusu niisome mbele yenu bila kutaja jina lake. Alichukua fomu ya kujiunga akiwa na umri wa miaka 30. Wakati huo alikuwa anajenga, akaona aisubirishe kwanza. Alijiunga akiwa na miaka 35, na sasa ametimiza mwaka wa sita akichangia shilingi 50,000 kila mwezi. Swali aliloniletea ni hili: je, miaka mitano ile imenigharimu kiasi gani? Yeye mwenyewe alikwisha kujijibu kwamba ni shilingi milioni 3, yaani michango ya miezi 60 ambayo hakuitoa. Jibu hilo si sahihi, na taarifa yake yenyewe ndiyo inayoonyesha hivyo.

Taarifa ina mistari minne ya kuangaliwa. Salio la mwanzo wa mwaka ni shilingi 3,660,000. Michango ya mwaka ni shilingi 600,000. Faida iliyoongezwa na mfuko ni shilingi 316,800. Salio la mwisho wa mwaka ni shilingi 4,576,800. Kabla ya hesabu nyingine yoyote, hakikisheni mambo mawili. Kwanza, salio la mwanzo la mwaka huu lilingane na salio la mwisho la mwaka uliopita. Pili, hesabuni miezi ya michango mmoja baada ya mwingine hadi itimie 12. Mwezi uliolipwa na usionekane katika taarifa haukosi mchango tu, unakosa pia faida ya miaka yote itakayofuata. Kwa sababu hiyo, stakabadhi ya malipo isitupwe mpaka taarifa ya mwaka ifike na mwezi huo uonekane.

Sasa tutafute kiwango cha faida. Wengi hugawanya faida kwa salio la mwisho, wakapata kiwango kidogo kuliko kilivyo. Wengine hugawanya kwa salio la mwanzo peke yake, wakapata kikubwa mno. Mchango wa Januari umekaa mfukoni karibu mwaka mzima, lakini wa Desemba umeingia juzi tu. Kwa wastani, michango ya mwaka imefanya kazi kwa nusu mwaka. Kwa hiyo tunachukua salio la mwanzo na kuongeza nusu ya michango: 3,660,000 na 300,000 ni 3,960,000. Tukigawanya faida ya 316,800 kwa kiasi hicho tunapata asilimia 8. Mfanye hivyo kwa taarifa za miaka kadhaa, kwa kuwa kiwango hubadilika mwaka hadi mwaka, kisha mchukue wastani. Kwa fundi wetu, wastani wa taarifa zake ni huo huo wa asilimia 8.

Tukiendelea kwa kiwango hicho na mchango ule ule, fundi atafikisha miaka 60 akiwa amechangia kwa miaka 25, na salio lake litakuwa karibu shilingi milioni 45.6. Lau angeanza siku alipochukua fomu, angechangia kwa miaka 30, na salio lingekuwa karibu shilingi milioni 70.7. Tofauti ni shilingi milioni 25 hivi. Michango aliyoiacha ni milioni 3, lakini salio limepungua kwa zaidi ya mara nane ya kiasi hicho.

Mzee mmoja aliniuliza hapo mlangoni: milioni 22 nyingine zimetoka wapi? Mzee wangu, jibu ni kwamba aliyechelewa hapotezi miaka yake mitano ya mwanzo, bali anapoteza mitano ya mwisho. Katika mwaka huu wa sita, faida ya fundi ni shilingi 316,800, maana salio bado ni dogo. Katika mwaka wa thelathini, kwa mchango ule ule wa shilingi 600,000, faida ya mwaka mmoja ingekaribia milioni 5.2, kwa kuwa wakati huo ingehesabiwa juu ya salio la karibu milioni 65. Mwaka huo wa thelathini hataufikia. Atastaafu akiwa katika mwaka wa ishirini na tano.

Je, anaweza kufidia? Anaweza, ila kwa bei kubwa. Kama angetaka kufikia milioni 70.7 kwa miaka 25, alipaswa kuchangia tangu siku aliyojiunga karibu shilingi 77,500 kwa mwezi badala ya 50,000. Nyongeza hiyo ya 27,500, kwa miezi 300, ni shilingi 8,250,000. Angelipa milioni 8.25 ili kuziba pengo la milioni 3. Naye akianza nyongeza leo, baada ya miaka sita, itambidi iwe kubwa zaidi ya hiyo.

Sitawaficha udhaifu wa hesabu hii. Asilimia 8 ni ya taarifa zilizopita, na mfuko haukuahidi kuwa itadumu. Tena shilingi ya miaka 25 ijayo haitanunua kile inachonunua leo. Tuseme bei zinapanda kwa asilimia 4 kwa mwaka, na fundi anaongeza mchango wake kwa kadiri hiyo. Faida halisi inabaki karibu asilimia 4. Kwa thamani ya shilingi ya leo, miaka 25 inampa karibu milioni 25.5, na miaka 30 ingempa karibu milioni 34.3. Pengo linashuka kutoka milioni 25 hadi karibu milioni 8.8. Huo ndio ukubwa wake wa kweli: zaidi ya robo ya akiba yote ya uzeeni imeondoka, na bado ni karibu mara tatu ya michango iliyoachwa.

Neno la mwisho ni kwa ndugu zetu walioajiriwa, walio katika mfuko wa lazima. Hesabu ya salio haiwahusu moja kwa moja, kwa kuwa pensheni yao hukokotolewa kwa idadi ya miezi waliyochangia na mshahara wao. Kwao, katika taarifa, cha kuhesabu ni miezi. Kustahili pensheni ya kila mwezi kunataka miezi isiyopungua 180. Aliyeanza kuchangia akiwa na miaka 41, bila kukatiza, atafikisha miaka 60 akiwa na miezi 228. Aliyeanza akiwa na miaka 46 atakuwa na miezi 168, naye hatafikia kiwango hicho. Miaka mitano hapo haipunguzi pensheni tu, inaweza kuiondoa kabisa.

Fundi wetu aliponisikia alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kama kijana wake wa miaka 22, anayefanya naye kazi katika karakana, anaweza kujiunga kwa shilingi 30,000. Nilimwomba tukae tena na kalamu, tuanze na mstari wa kwanza.