Pauni Si Kilo: Uzani wa Mtoto Kabla ya Dawa



Mizani nyingi za nyumbani zina kitufe cha kubadilisha kilo kuwa pauni. Kikiguswa bila kujua, kioo huonyesha lb badala ya kg, na mtoto wa kilo 10 husomeka 22.

Chukueni kwamba mtoto huyo ana homa, na daktari ameagiza parasetamoli, miligramu 15 kwa kila kilo. Kwanza 22 igawanywe kwa 2.2, jibu ni kilo 10. Mara 15, ni miligramu 150. Chupa imeandikwa miligramu 120 katika mililita 5, kwa hivyo mtoto apewe mililita 6.25. Aliyesahau kugawanya atapata miligramu 330, karibu mililita 14. Dozi hiyo ikitolewa mara nne kwa siku, siku kadhaa, inaweza kuharibu ini.

Wengine huzidisha badala ya kugawanya, wakapata kilo 48, uzani wa msichana wa sekondari! Hilo hushtua mara moja. Linalojificha ni kugawanya mara mbili: kilo 10 huwa 4.5, homa haishuki, kisha lawama huiangukia dawa.

Namba ya kilo siku zote huwa chini kidogo ya nusu ya namba ya pauni. Tazameni pia kijitabu cha kliniki: mtoto aliyekuwa kilo 9.7 mwezi jana hawezi kuwa 22 leo. Na mnapoandika uzani, andikeni kg au lb kando yake, maana 22 tupu humwacha mwenzako akikisia.