Tangazo Lifunguke Hata Kwenye Simu Ndogo



Tovuti mpya ya huduma hujaribiwa kwanza kwenye kompyuta ya ofisini, yenye intaneti ya kasi, na huko kila ukurasa hufunguka mara moja. Anayestahili kufikiriwa ni yule aliye shambani au kwenye machimbo ya mawe ya chokaa, mwenye simu ya bei nafuu na bando la siku, ambaye juu ya kioo chake imejitokeza herufi E.

Chukulia tangazo la mikopo ya asilimia 10, ambayo halmashauri hutenga kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mazoea ni kuchapa barua, kuigonga muhuri, kuiskani kwa rangi, kisha kuiweka kwenye tovuti. Karatasi moja ya A4 ikiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi huwa picha ya pikseli zaidi ya milioni 8, na faili lake hufika megabaiti 1.5 kwa urahisi. Mtandao ukipitisha kilobiti 100 kwa sekunde, faili hilo huchukua dakika 2 kufika, iwapo mawimbi hayakatiki. Likishafika, simu hulikunjua katika kumbukumbu yake, ambako picha hiyo hudai megabaiti 30 na ushei. Simu ndogo hapo huganda, na mwenye simu hudhani kifaa chake kimeharibika.

Maneno yale yale yakichapwa ndani ya ukurasa wenyewe, herufi 2,000 hazizidi kilobaiti 2 hivi. Hufika kwa sekunde chache, tena husomeka bila kukuzwa kwa vidole.

Lakini muhuri je? Swali hilo ni la haki, kwani tangazo lisilo na muhuri hutiliwa shaka, na matapeli wapo. Kwa hiyo maandishi hutangulia, na chini yake huwekwa kiungo cha nakala yenye muhuri, iliyoskaniwa kwa nukta 150 bila rangi, ukubwa wake ukitajwa wazi ili msomaji aamue kama bando lake linatosha. Kuionyesha picha kubwa kwa umbo dogo hakusaidii kitu: faili lote hupakuliwa vilevile.

Kupima ni rahisi. Simu ya bei ya chini huwekwa kwenye 2G pekee, kumbukumbu za kivinjari hufutwa, ukurasa hufunguliwa huku sekunde zikihesabiwa, kisha matumizi ya data ya kivinjari hulinganishwa kabla na baada. Jaribio la pili lisihesabiwe, maana sehemu ya ukurasa huwa imekwisha kuhifadhiwa simuni.

Tarehe ya mwisho ya maombi nayo huandikwa kwenye mstari wa kwanza. Maandishi hujitokeza kadiri yanavyofika. Hata mawimbi yakikatika katikati, tarehe huwa imekwisha kusomwa.