Sentensi ya Pili

Jumanne, tarehe 6 Julai 2021, Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa mwongozo kuhusu kesi ya Muruatetu, mmoja wa wafungwa wawili wa mauaji waliopinga ulazima wa adhabu ya kifo. Kilichotutia wasiwasi hapa kituoni ni kwamba mahakama ililazimika kueleza upya uamuzi iliousoma tarehe 14 Desemba 2017. Miaka mitatu na nusu ilikuwa imepita, na bado taifa halikuwa limekubaliana majaji walisema nini.

Amri ya kwanza ya mwaka 2017 ilikuwa na sentensi mbili. Sentensi ya kwanza ilisema kifungu cha 204 cha Sheria ya Adhabu kinakwenda kinyume na Katiba kwa kumlazimisha jaji kumpa adhabu ya kifo kila anayepatikana na hatia ya mauaji. Sentensi ya pili ikasema kwamba amri hiyo haiondoi uhalali wa adhabu ya kifo yenyewe. Kilichoondolewa ni ulazima. Jaji alirudishiwa nafasi ya kumsikiliza mtu anapoeleza kwa nini apunguziwe adhabu, kisha aamue. Kifo kilibaki kuwa moja ya adhabu anazoweza kutoa.

Sisi watangazaji tulifanya nini? Tuliishia sentensi ya kwanza. Tukasema hewani: mahakama yafuta hukumu ya kifo. Hatukusoma sentensi ya pili.

Na neno hilo hukumu limetuponza. Kwa Kiswahili chetu, hukumu ni uamuzi mzima wa mahakama, na hukumu vilevile ni adhabu anayopewa mtu. Anayesikia “hukumu ya Muruatetu yatupwa” hajui kama kilichotupwa ni hatia, ni adhabu, au ni kesi yote. Mahakamani haya ni mambo matatu mbalimbali. Tuseme uamuzi tunapotaja walichoandika majaji, tuseme hatia tunapotaja kosa lililothibitishwa, tuseme adhabu tunapotaja kifungo au kifo.

Tulikosea pia pale tuliposema kesi itasikilizwa upya. Wafungwa wale wawili walirudishwa Mahakama Kuu kusikilizwa kuhusu adhabu peke yake. Hatia yao haikuguswa. Hakuna shahidi aliyetakiwa kurudi kizimbani kueleza tena nani aliua. Fikiria familia ya marehemu ikisikia kwenye redio kwamba kesi inaanza upya, kumbe sivyo.

Halafu likaja kosa lililozaa mwongozo wa 2021. Uamuzi ulihusu mauaji, vifungu vya 203 na 204. Lakini wafungwa wa wizi wa kimabavu, ambao kifungu chao ni cha 296(2), nao waliomba adhabu zao ziangaliwe upya. Wa makosa ya ngono yenye kifungo cha chini kilichowekwa na sheria wakafuata. Ukweli usemwe: si redio peke yake iliyopanua mambo. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa yenyewe iliutumia uamuzi huo katika kesi ya wizi wa kimabavu. Ndipo mwaka 2021 Mahakama ya Juu ikasema wazi kwamba Muruatetu ni ya mauaji tu, na anayepinga ulazima katika kosa jingine alete kesi yake, ipande ngazi za mahakama.

Basi taarifa ya 2017 ingesomwaje? Ingesomwa hivi: “Mahakama ya Juu imeamua kuwa jaji halazimiki tena kutoa adhabu ya kifo kwa kila aliyeua. Bado anaweza kuitoa. Uamuzi huu unahusu kosa la mauaji. Walalamishi wawili wanabaki na hatia, ila watasikilizwa upya kuhusu adhabu.” Ni sentensi nne, na hazimalizi hata nusu dakika. Mfungwa wa wizi wa kimabavu angejua siku hiyohiyo kwamba hakutajwa.

Ili kuandika sentensi hizo nne, mwandishi aanzie mwisho wa uamuzi, zilipo amri. Muhtasari humweleza sababu, na sababu ndizo zenye maneno matamu ya kunukuu kuhusu utu na haki. Lakini sababu hazimfungui mtu wala kumfunga. Amri ndizo zinazofanya hivyo, na amri zina sentensi ya pili.

Wahariri, msikubali kichwa cha habari kabla mwandishi hajawaonyesha amri. Waandishi, msitoke mahakamani na nusu ya amri. Mahakama nayo itupe muhtasari kwa Kiswahili siku ileile ya uamuzi, tusiachwe kila mmoja akitafsiri kivyake mbio mbio kabla ya taarifa ya saa saba. Nawe msikilizaji, ukitusikia tena tukisema mahakama imefuta jambo, tupigie simu utuulize: imefuta lote au sehemu, na sentensi ya pili inasemaje?