Hamsini kwa Mia, Pointi na Hekta: Tuweke Ploti Zote kwa Kipimo Kimoja Kabla ya Kununua

(Mazungumzo na wanavikundi)

Vikundi vingi vimeweka akiba kwa miaka, shilingi kwa shilingi, na sasa vinatafuta ploti: pahali pa kujenga posho mill, duka au nyumba ya kupangisha. Leo hatutazungumza juu ya bei peke yake. Tutazungumza juu ya vipimo, kwa sababu bei bila kipimo ni kama kununua mahindi bila kujua ukubwa wa gorogoro.

Tatizo letu ni hili. Muuzaji wa Kitale anasema "hamsini kwa mia". Yule wa Bungoma anasema "pointi moja". Mzee wa kijijini anapiga hatua, anasema "hii ni robo ekari". Halafu ukienda ofisi ya ardhi, hati, yaani taito, inasema hekta. Watu wanne, lugha nne. Mashamba makubwa ya Trans Nzoia yalipimwa wakati wa walowezi kwa ekari na futi, na mazungumzo hayo yamebaki mdomoni mwetu mpaka leo. Lakini serikali inaandika hekta, na karatasi ndiyo itakayobaki nawe wakati muuzaji amekwisha kula pesa.

Kwa hivyo tunashauri jambo moja: kila ploti mnayoonyeshwa, igeuzeni iwe mita za mraba. Mita ya mraba moja ni kipande cha mita moja kwa mita moja. Mkifika hapo, ploti zote zinaweza kusimama mstari mmoja na kulinganishwa.

Hii hapa jedwali. Inakilini katika daftari ya kikundi.

Urefu:
Futi 1 = mita 0.3048
Futi 50 = mita 15.24
Futi 100 = mita 30.48
Yadi 1 = futi 3 = mita 0.914

Ukubwa:
Hekta 1 = mita za mraba 10,000 = ekari 2.47
Ekari 1 = mita za mraba 4,047 = hekta 0.405
Nusu ekari = mita za mraba 2,023 = hekta 0.202
Robo ekari = mita za mraba 1,012 = hekta 0.101
Sehemu ya nane ya ekari = mita za mraba 506 = hekta 0.051
Hamsini kwa mia (futi) = mita za mraba 465 = hekta 0.046
Pointi moja ya ekari = mita za mraba 405 = hekta 0.040
Arobaini kwa themanini (futi) = mita za mraba 297 = hekta 0.030

Tazameni mistari miwili katikati ya jedwali. Watu wengi wanasema hamsini kwa mia ni sehemu ya nane ya ekari. Si kweli. Inapungua kwa mita za mraba 41, karibu vyumba vinne vya futi kumi kwa kumi. Tena saveya akikata ploti za namna hii mara nyingi hutumia mita 15 kwa mita 30 kamili, kwa hivyo taito inaandikwa hekta 0.045. Ukiona 0.045 kwa hamsini kwa mia usishtuke, hiyo ni kawaida. Lakini mtu aliyekuuzia "sehemu ya nane" akikuletea 0.045, muulize zile nyingine ziko wapi.

Sasa tuje kwa neno "pointi", maana hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Pointi moja kwa watu wetu ni 0.1 ya ekari, yaani ekari imegawanywa kumi. Lakini taito haiandiki ekari. Pointi moja ya ekari ikiandikwa kwa taito ni hekta 0.04. Mtu ambaye hajui ataona 0.04 na kulia kwamba ameibiwa, kumbe amepata haki yake. Na mwingine ataona hekta 0.1 na kudhani ni pointi moja, kumbe hiyo ni karibu robo ekari. Hata hati ya zamani inaweza kuwa imeandikwa kwa ekari. Kwa hivyo msisome namba peke yake. Someni namba pamoja na neno linaloifuata.

Kuna kosa lingine la hesabu. Ukijua futi moja ni mita 0.3048, unaweza kuchukua futi za mraba 5,000, uzidishe mara 0.3048, upate 1,524. Hiyo si mita za mraba. Geuza kwanza kila upande uwe mita, ndipo uzidishe upande kwa upande: 15.24 mara 30.48 ni 464.5. Mkifuata njia hiyo hamtapotea.

Tuchukue mfano sasa. Tuseme kikundi kimeonyeshwa ploti tatu, na bei ni za mfano tu.

Ploti ya kwanza iko Kitale, hamsini kwa mia, kwa Sh. 600,000. Ya pili iko Bungoma, pointi moja, kwa Sh. 540,000. Ya tatu iko kijijini nje ya Bungoma, inaitwa robo ekari, kwa Sh. 1,200,000.

Kwa macho tu, ya pili ndiyo rahisi, na ya tatu ni ghali. Haya, tugawanye bei kwa mita za mraba. Ya kwanza: 600,000 kwa 465, ni kama Sh. 1,290 kwa kila mita ya mraba. Ya pili: 540,000 kwa 405, ni Sh. 1,333. Ya tatu: 1,200,000 kwa 1,012, ni Sh. 1,186. Kumbe ile ndogo ya pesa kidogo ndiyo ghali zaidi kwa kipimo, na ile kubwa ndiyo rahisi.

Lakini ngojeni kwanza. Hiyo robo ekari ilipimwaje? Mzee alipiga hatua 35 kwa 35. Kanuni ya wazee ni kwamba hatua 70 kwa 70 ni ekari, na kanuni hiyo si mbaya ikiwa kila hatua ni yadi moja nzima, yaani sentimita 91. Shida ni kwamba mtu akitembea kawaida hatua yake haifiki hapo. Tuseme hatua ni sentimita 75. Hatua 35 ni mita 26.25, na 26.25 mara 26.25 ni mita za mraba 689. Hiyo si robo, ni pointi moja na nusu na kidogo. Gawanya tena 1,200,000 kwa 689: ni Sh. 1,742 kwa mita ya mraba. Ploti iliyokuwa rahisi kuliko zote imekuwa ghali kuliko zote, na hakuna aliyesema uongo. Ni hatua tu iliyokuwa fupi.

Kumbukeni pia, nusu ya 70 kwa 70 si 35 kwa 35. Ukikata pande zote mbili unapata robo. Nusu ekari ni 70 kwa 35. Tafadhali mwekeeni alama neno hilo.

Basi, mtapimaje? Nunueni au azimeni tepu ya fundi, ile ya mita 30. Nendeni watu watatu: wawili wa kushika tepu na mmoja wa kuandika. Tepu ivutwe ikaze, isilegee juu ya majani. Pimeni pande zote nne, si mbili, halafu pimeni kutoka kona hadi kona, mara mbili. Ploti ya mita 15 kwa 30 yenye kona zilizonyooka itakuwa na mita 33.5 kutoka kona hadi kona, njia zote mbili. Kama njia moja ni 36 na nyingine ni 31, ploti imelala upande, na ukubwa wake ni mdogo kuliko unavyofikiri hata kama pande ni sawasawa.

Kwa ploti iliyopinda fanyeni hivi. Vuteni kamba kutoka kona moja hadi kona ya mbali. Kutoka kila kona iliyobaki, pimeni umbali mfupi zaidi mpaka kwenye kamba. Jumlisheni umbali huo miwili, zidisheni kwa urefu wa kamba, gawanyeni kwa mbili. Kamba ikiwa mita 40, na umbali ni mita 12 na mita 11: 12 na 11 ni 23, mara 40 ni 920, nusu yake ni mita za mraba 460.

Mwulizeni muuzaji pia anaanzia wapi kupima. Wengine huanzia katikati ya barabara. Barabara ikichukua mita tatu upande wenye mita 15, umepoteza mita za mraba 45, na umezilipia. Na msitegemee simu. Simu inaweza kukosea kwa mita kadhaa. Kwa shamba la ekari kumi hilo ni dogo, lakini kwa upande wa mita 15 ni kubwa mno.

Mwisho, mipaka ya tepu yenu. Tepu inawaambia kama mazungumzo yaendelee, haiwapi mpaka wa kisheria. Fanyeni sachi katika ofisi ya ardhi muone hekta zilizoandikwa na jina la mwenyewe. Mashamba mengi yetu yamesajiliwa kwa mipaka ya jumla, na ramani yake huonyesha mpaka kwa kukadiria tu. Na kama mnakatiwa kipande kutoka shamba la familia, taito mnayoonyeshwa ni ya shamba zima. Kipande chenu hakina namba mpaka saveya mwenye leseni apime, aweke bikoni, na ajaze ile fomu ya kugawa inayoitwa mutesheni.

Kwa hivyo katika mkataba msikubali maneno "robo ekari" au "pointi moja" yakae peke yake. Andikeni urefu wa kila upande kwa mita, ukubwa kwa hekta, na bei kwa kila mita ya mraba. Ongezeni kwamba saveya akikuta pungufu, bei itashuka kwa kipimo hicho hicho, na kwamba sehemu ya mwisho ya malipo italipwa baada ya yeye kupima. Muuzaji mwenye shamba lililokamilika hana sababu ya kukataa.