Mteja Akikupa Nyota Moja, na Amesema Kweli

Mazungumzo haya yalitolewa na mama anayepika chakula cha sherehe hapa Uingereza, mbele ya wageni wapya wanaotaka kuanza biashara ndogo.



Wengi mnanijua kwa pilau na sambusa. Leo nitakueleza siku niliyoharibu kazi ya mtu, akaniandika vibaya mbele ya watu wote, na jinsi nilivyomjibu. Ukifungua biashara hapa, siku kama hiyo itakufika na wewe.

Nilipokuwa Nairobi, pale Kayole, mteja akikasirika alikuja mlangoni. Alipiga kelele, majirani wakasikia, kisha mtu mzima mmoja akasema, “Kaeni chini.” Mlizungumza, ukaomba radhi, mambo yakaisha. Hapa mteja haji mlangoni. Anafungua simu, anatafuta jina la biashara yako kwenye ramani ya Google, anakupa nyota moja na kuandika maneno yake. Kila atakayekutafuta baada ya hapo atayasoma. Jibu lako nalo litakaa hapo chini yake. Kwa hiyo unazungumza na mtu mmoja huku mtaa mzima unasikiliza.

Kisa chenyewe ni hiki. Dada mmoja wa jamii yetu aliagiza chakula cha sherehe ya mtoto wake, watu 60. Sahani ya pilau na kuku ilikuwa pauni 7, yaani pauni 420 kwa watu wote. Sambusa 120 kwa pauni 1 kila moja. Jumla pauni 540, na alilipa zote mapema. Tulikubaliana chakula kifike saa 8:00 mchana.

Kilifika saa 9:20. Kilikuwa kimepoa, na sambusa zilikuwa 80.

Usiku ule aliandika kwa Kiswahili. Alisema tumemwaibisha mbele ya wageni wake, kwamba watoto walilia njaa mpaka akawanunulia piza. Alisema pilau ilikuwa kiporo. Na alisema jambo lililonichoma kuliko yote: kwamba alipotupigia simu tulimwambia tumekwama barabarani, na huo ulikuwa uongo.

Jibu la kwanza nililoandika sikulituma, namshukuru Mungu. Lilisema: “Tunasikitika kama hukuridhika. Siku ile barabara zilikuwa na msongamano. Wateja wetu wengine wote wanatusifu.” Litazame vizuri. “Kama hukuridhika” maana yake sina hakika kwamba kuna kosa, huenda ni hisia zako tu. Msongamano ni kurudia kitu ambacho ameshasema ni uongo. Na kuwataja wateja wengine ni kumwambia kwamba mbaya ni yeye.

Nililala. Asubuhi nikachukua daftari la oda na simu, nikauliza kila aliyefanya kazi siku ile, jambo moja baada ya jingine. Ukweli ulikuwa huu. Nilikuwa nimechukua kazi mbili kwa siku moja. Ya kwanza ilichelewa, gari likachelewa kwenda ya pili. Binti aliyepokea simu aliogopa, akasema barabara. Na sambusa 40 zake zilipelekwa kwa makosa kwenye kazi ile ya kwanza. Kitu kimoja tu hakikuwa kweli katika maneno ya dada yule: pilau haikuwa kiporo, niliipika mwenyewe alfajiri ile.

Ukishajua ukweli, piga hesabu kabla ya kuandika. Hapa kuna Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015. Ukimfanyia mtu kazi chini ya mlivyokubaliana, anaweza kudai uirudie vizuri. Isipowezekana kurudiwa, kama sherehe ambayo imeshapita, anaweza kudai upunguze bei kwa kiasi kinachofaa, na kiasi hicho kinaweza kufika hata bei yote. Ukikubali kurudisha fedha, zirudi bila kuchelewa, zisipite siku 14, na kwa njia ile ile aliyolipia, isipokuwa yeye mwenyewe akikubali njia nyingine.

Basi nikahesabu. Sambusa 40 ambazo hakuzipata ni pauni 40, hizo si zangu. Pilau na kuku vililiwa, lakini vimechelewa na vimepoa, nikaona nusu ya bei ni haki: pauni 210. Piza alisema zilimgharimu pauni 86. Mimi ndiye niliyemfanya azinunue, nikaziweka pia. Jumla pauni 336.

Mume wangu alisema, “Mpe sherehe nyingine bure.” Nikamwambia, hapana. Mtu uliyemwaibisha mbele ya wageni hataki kukualika tena. Zawadi ya namna hiyo inamlazimisha arudi kwako ili apate haki yake. Fedha zinamwacha huru.

Hili ndilo jibu nililoliweka:

“Dada yetu, ulichosema kuhusu siku ile ni kweli. Tuliahidi saa 8:00, tukafika saa 9:20. Chakula kilikuwa kimepoa, na sambusa zilipungua 40. Ulipotupigia simu tulikwambia ni barabara. Haikuwa kweli. Nilipokea kazi mbili kwa siku moja, na hilo ni kosa langu mimi mwenye biashara. Pilau ilipikwa asubuhi ile ile, lakini aliyeletewa pilau baridi ana haki ya kudhani ni kiporo. Tunakurudishia pauni 336: sambusa zilizokosekana, nusu ya bei ya chakula, na piza ulizonunua. Fedha zitaingia kwenye akaunti uliyolipia kabla ya Ijumaa jioni. Kuanzia sasa tunapokea kazi moja tu kwa siku. Tunakuomba radhi, wewe na wageni wako.”

Ni fupi. Angalia yaliyomo na yasiyokuwemo.

Kosa limetajwa kwa saa na kwa idadi. Msomaji asiyenijua anaona kwamba nimechunguza. Ningeandika “kulikuwa na changamoto,” asingejua nimekubali nini.

Binti aliyepokea simu hakutajwa. Niliandika “tulikwambia,” kwa sababu aliyejibu simu alijibu kwa jina la biashara yangu. Ukimtupa mfanyakazi mbele ya watu, msomaji anajua kwamba siku moja utamtupa yeye pia.

Neno la kiporo nililisahihisha kwa sentensi moja, kisha nikaliacha. Lilihitaji kusahihishwa, kwa kuwa chakula cha jana ni jambo la usalama na wengine wangeogopa. Lakini ningebishana zaidi, watu wangesahau yote niliyokubali na kukumbuka ubishi.

Jina lake, simu yake na mahali pa sherehe havimo. Hizo ni habari zake za siri hata kama amekukasirikia. Usimwombe namba ya akaunti hadharani pia. Akihitaji kukupa chochote, mpigie au mwandikie pembeni.

Na hakuna sharti. Sikusema, “Tutakulipa ukifuta maneno yako.” Google inakataza kumpa mteja kitu ili abadilishe au afute maoni mabaya. Hata bila katazo hilo, fikiria: nikimlipa ili anyamaze, sijamrudishia haki yake, nimenunua kimya chake. Fedha nilizituma siku ya Jumatano, kabla ya siku niliyoahidi, maana ahadi ya pili ikivunjika hakuna jibu litakalokuokoa.

Kulikuwa na kishawishi kingine. Wapwa zangu walitaka kuandika nyota tano kila mmoja, ili ile moja izame. Niliwakatalia. Tangu Aprili 2025, sheria ya hapa inakataza waziwazi maoni ya kubuni ya wateja, na biashara inaweza kutozwa faini. Tena watu wa mtaa wetu wanajuana. Wangeona majina ya ukoo mmoja siku moja, wakaelewa.

Sasa nikutahadharishe. Jibu la namna hii lilifaa kwa sababu hakuna aliyeumia. Mtu akisema ameugua kwa chakula chako, ameungua, au amekula kitu kinachomdhuru mwili ambacho hukumwambia kimo, usikimbilie kuandika “ni kosa letu.” Mpigie kwanza ujue hali yake, na ukihifadhi chakula kilichobaki usikiuze. Kisha piga simu kwa kampuni ya bima yako. Mikataba mingi ya bima ina sharti kwamba usikubali kosa kabla hujawaarifu, na ukilivunja wanaweza kukataa kulipa. Hadharani andika tu kwamba umesikia, umempigia, na unachunguza. Hilo si kukwepa, mradi kweli unachunguza.

Na kama yaliyoandikwa si kweli kabisa, au mtu hakuwahi kuwa mteja wako, usikubali kosa usilolifanya kwa ajili ya amani. Sema kwa upole kwamba umetafuta oda hiyo hukuiona, na umwombe awasiliane nawe. Kisha unaweza kuiomba Google iyakague. Lakini hawafuti maoni kwa sababu tu hukubaliani nayo.

Mtauliza iliishaje. Dada yule hakuijibu ile barua yangu kwa siku kadhaa. Kisha akaongeza mstari mmoja chini ya maneno yake: “Fedha nimepata zote.” Nyota haikubadilika. Mpaka leo ni moja, na ni haki yake, kwa sababu sherehe ya mtoto wake haikurudi.

Kazi moja kwa siku imenipunguzia mapato. Jumamosi za kiangazi ninakataa watu, na inaniuma. Lakini miezi michache baadaye mama mmoja alinipigia kuhusu harusi ya binti yake. Hakuuliza bei kwanza. Alisema, “Nimesoma ulivyomjibu yule dada. Nataka kujua kitu kimoja: siku hiyo una kazi nyingine?”

Nikamwambia, “Hapana, mama. Siku hiyo ni yako peke yako.”