Kofia Iliyofichwa Mkobani



Novemba mwaka 2017, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Fred Matiang'i, alitangaza matokeo ya mtihani wa KCPE. Watahiniwa walikaribia milioni moja, na aliyewaongoza wote alitoka hapa kwetu Kakamega, Shule ya St Anne Junior, Lubao. Goldalyn Kakuya alipata alama 455 kati ya 500. Ni msichana mwenye ualbino.

Maisha yake ya shuleni ni yake kuyasimulia, nami sitamsemea. Lakini tangu siku ile nimesikia watu wengi wakilitaja jina lake kana kwamba limemaliza mjadala: mnaona, hata wao wanaweza, sasa tatizo liko wapi? Tatizo liko kwa yule mtoto mwingine mwenye ngozi kama yake, aliyekaa dawati la nyuma katika shule ambayo haitatajwa gazetini, anayeitwa "mzungu" na wenzake kutoka kengele ya asubuhi hadi ya jioni. Leo nataka tumfuate huyo, maana kwake tunaona wazi jinsi mzaha kuhusu umbo la mtu unavyofanya kazi, na kwa nini hauishi siku ya kumaliza shule.

Ualbino ni kupungukiwa na rangi ya asili ya ngozi, nywele na macho. Watu wengi wanajua habari ya ngozi. Habari ya macho wanaijua wachache, hata baadhi ya walimu. Rangi hiyo inapokosekana, sehemu ya nyuma ya jicho inayotupa uwezo wa kuona vitu vidogo vidogo haikui ipasavyo. Macho huchezacheza yenyewe, mwangaza mkali huyaumiza, na miwani husaidia kiasi tu, haiyarudishi yakawa kama ya mtu mwingine. Kwa hiyo mtoto huyu ana njia zake za kusoma. Huleta kitabu karibu kabisa na uso. Huinamisha kichwa upande mmoja, kwa sababu kuna pembe ambayo macho yake hutulia. Huinuka akaenda hadi ubaoni, akasimama karibu, akasoma mstari, akarudi kuandika. Akitoka nje huvaa kofia ya ukingo mpana na shati la mikono mirefu, na hujipaka mafuta ya kukinga jua.

Sasa tazama kicheko kinaangukia wapi. Akisogeza kitabu, wanasema anakinusa. Akiinamisha kichwa, wanamwigiza. Akisimama ubaoni, darasa zima linaguna kwamba amewaziba. Kofia inanyakuliwa na kurushwa kutoka mkono hadi mkono uwanjani. Kila jambo analochekewa ndilo linalomwezesha kusoma au linalomkinga na jua. Mtoto hawezi kubadilisha ngozi yake, kwa hiyo anaacha kile anachoweza kuacha. Anabaki kwenye dawati na kunakili kwa jirani, makosa na yote. Kofia inaishia mkobani.

Baada ya muhula mmoja au miwili, mwalimu anaona alama za hesabu zimeshuka. Anaandika kwenye ripoti kwamba mwanafunzi hajitahidi. Mzazi anaisoma na kumgombeza. Hakuna kati yao aliyeona kwamba mtoto aliacha kwenda ubaoni, wala sababu iliyomfanya aache.

Ngozi nayo ina hesabu yake. Kakamega iko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Mvua zetu nyingi hunyesha alasiri, na asubuhi hadi saa saba jua linawaka, tena miale inayounguza hupita hata mawinguni. Mtoto mwenye ualbino asiyevaa kofia saa ya michezo anaungua masikio, shingo na midomo. Yale mabaka mekundu yakipona, madhara hayaondoki, yanajilimbikiza ndani ya ngozi mwaka hadi mwaka. Saratani ya ngozi inayowaua watu wenye ualbino katika ukanda wetu wakiwa bado vijana huanza hivyo, kwa jua la utotoni. Ndiyo maana nasema kicheko cha Gredi ya 4 kinaweza kumfikisha mtu hospitalini akiwa na miaka 30, wakati waliomcheka wamesahau hata jina lake.

Na kuna madhara yasiyoonekana kwa ngozi. Uingereza iliwafuatilia watu waliozaliwa katika wiki moja ya Machi mwaka 1958. Walipokuwa na miaka 7, na tena walipofika 11, wazazi wao waliulizwa kama mtoto anaonewa na wenzake. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo cha King's, London, walitoa matokeo ya watu zaidi ya 7,000 kati yao, waliofuatiliwa hadi walipofika miaka 50. Wale walioonewa mara kwa mara walikuwa bado na huzuni kubwa na wasiwasi kuliko wenzao. Walikuwa na marafiki wachache wa kuwategemea, na elimu yao ilikuwa ya chini. Miaka 40 ilikuwa imepita. Jambo linalonigusa zaidi katika utafiti huo ni kwamba walioulizwa walikuwa wazazi, nao walijua. Walikuwa na jibu wakati mtoto akiwa na miaka 7.

Basi mwalimu afanye nini? Nianze na makosa mawili ninayosikia yakitajwa kila mara. La kwanza ni kumsimamisha mtoto mbele ya paredi na kutangaza, "Msimcheke huyu, naye ni mtu kama nyinyi." Mwalimu ana nia njema, lakini amemweka mtoto jukwaani mbele ya macho mia tano. La pili ni kuwaita ofisini aliyeonewa na waliomwonea, wakae pamoja, waombane radhi na kushikana mikono. Mtoto hawezi kueleza yaliyompata huku anayemtisha ameketi ubavuni mwake. Atasema ni mchezo tu, na jioni njiani atalipia kuitwa ofisini.

Nchini Ufini, Chuo Kikuu cha Turku kilibuni mpango wa shule unaoitwa KiVa, na hatua zake hazihitaji fedha nyingi. Mwalimu hukutana na aliyeonewa peke yake na kumsikiliza. Kisha huwaita waliohusika mmoja mmoja, siku hiyo hiyo, kabla hawajapangana. Hawafokei. Anawaambia anachokijua, anataka kila mmoja aseme atakachofanya tofauti kuanzia kesho, na anakiandika. Halafu huchagua wanafunzi wawili hadi wanne wanaoheshimika darasani na kuwaomba wawe karibu na mwenzao, waketi naye, wacheze naye. Hatua hii ya mwisho ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu anayeonea hufanya hivyo kwa ajili ya watazamaji. Watafiti wa Kanada waliorekodi watoto uwanjani kwa kamera waliandika mwaka 2001 kwamba mtoto mwenzao alipoingilia kati, zaidi ya nusu ya visa vilikoma ndani ya sekunde kumi. Shida ni kwamba walioingilia walikuwa wachache.

Na mwalimu ajisikilize pia. Lakabu nyingi hupata nguvu pale mwalimu anapoitumia wakati wa kuita majina, darasa likacheka naye akatabasamu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inakataza kumdhalilisha mwanafunzi kimwili au kisaikolojia, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili.

Kwa mtoto mwenye ualbino kuna mambo ya kawaida kabisa ya kupanga. Akae mbele, mbali na dirisha linalommulika usoni. Mwalimu asome kwa sauti anachoandika ubaoni. Makaratasi ya mtihani yachapwe kwa maandishi makubwa. Kofia iruhusiwe kuwa sehemu ya sare kwa barua ya mwalimu mkuu, ili mwalimu wa zamu asimwamuru aivue getini. Haya yakifanywa bila tangazo, darasa huyazoea kama lilivyozoea mwenzao anayevaa miwani.

Nawe mzazi, swali la "shule ilikuwaje?" hujibiwa "sawa" tu. Uliza uliketi na nani saa ya chakula, mlicheza nini, nani alikuwa mwisho kuchaguliwa. Fungua mkoba. Ukikuta kofia imekunjwa chini ya vitabu siku ya jua kali, na chupa ya mafuta haijapungua tangu wiki iliyopita, huo ni ushahidi. Angalia masikio yake jioni. Mtoto anayeumwa tumbo kila Jumatatu na kupona Ijumaa jioni anakueleza jambo.

Ukishajua, usiende kugombana nyumbani kwa mtoto wa jirani. Andika tarehe, mahali na maneno yenyewe yaliyosemwa, umpelekee mwalimu wa darasa. Usiposikilizwa, nenda kwa mwalimu mkuu, kisha bodi ya shule, kisha ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Mpeleke mtoto kwenye kituo cha tathmini cha EARC apimwe uwezo wake wa kuona, maana ripoti yake ndiyo hutumika kuomba karatasi ya maandishi makubwa katika mtihani wa kitaifa. Msajili pia na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, apate mafuta ya kukinga jua bila malipo. Na mtoto mwenyewe anaweza kupiga simu 116, nambari ya kuwasaidia watoto, bila kulipa chochote.

Kuna mzazi mwingine ambaye huwa hatumtaji, yule wa mtoto anayecheka. Mama, baba, ukiitwa shuleni usiseme "watoto ni watoto". Mwulize mwanao lakabu hiyo aliitoa wapi. Mara nyingi ameisikia mezani kwenu, au kwenye matatu mkiwa pamoja, mtu mwenye ualbino alipopanda, wewe ukanong'ona jambo na ukacheka.

Mwalimu, ukishachukua hatua hizo, weka tarehe wiki mbili mbele. Siku hiyo mwite mtoto tena peke yake, umwulize kama lakabu imekoma, na nani bado anaitumia. Nenda uwanjani saa ya michezo uone kama amevaa kofia. Kama hajaivaa, waite tena wale wale, mmoja mmoja, safari hii wazazi wao wakiwa wamearifiwa.