Pesa Inachagua Mbele Yetu

(Maneno ya karani mmoja wa mgodi mbele ya wanachama, Bukavu)



Kazi yangu ni kuandika. Gunia la kasiterite likifika mbele ya meza yangu, naandika limetoka shimo gani, lina kilo ngapi, nani amelileta na nani amelinunua. Likifika bila lebo, tunauliza kwanza: limetoka wapi? Leo nataka tuulize neno hilo hilo juu ya pesa ya uchaguzi. Uchaguzi wa mwisho tulioufanya mjini hapa ulikuwa wa Desemba 2023, na Februari 2025 mji ukaingia mikononi mwa M23. Tutakapopiga kura tena, ni vema tuwe tunajua tayari pesa hupita mlango gani.

Watu wengi hufikiri kura hununuliwa siku ya kura, kwa chumvi na kitenge. Hiyo ni pesa ndogo. Pesa kubwa hufanya kazi yake mapema, siku majina yanapoandikwa.

Sheria ya uchaguzi ya mwaka 2006, kama ilivyogeuzwa mwaka 2022, inamtaka kila anayegombea ubunge wa taifa aweke franka 1,600,000 katika hazina ya serikali. Pesa hiyo hairudishwi, ashinde au ashindwe. Orodha yenye wanawake nusu au zaidi husamehewa. Tena sheria inakataa orodha za chama ambacho hakikuweka wagombea kwa asilimia 60 ya viti vyote vinavyogombewa. Tupige hesabu pamoja. Bunge la taifa lina viti 500, na asilimia 60 yake ni viti 300. Mara franka 1,600,000, inakuwa franka milioni 480, mbali na petroli, karatasi na chakula cha mashahidi.

Chama kinachoishi kwa michango ya wanachama kitaitoa wapi pesa hiyo? Sheria ya mwaka 2008 ilisema serikali itavisaidia vyama kwa pesa ya taifa, na vyama vitoe hesabu. Lakini msaada huo umebaki katika karatasi. Basi viongozi wa chama humwambia kila anayetaka kugombea: jilipie mwenyewe. Hapo uchaguzi wa kwanza umekwisha kufanyika. Mwalimu ambaye kijiji kizima kinamwamini anakaa nyumbani, na mfanyabiashara aliyeingia chamani juzi anaandikwa wa kwanza.

Na mwalimu akikopa akaandikwa, asidhani amefika. Katika maeneo yenye viti zaidi ya kimoja, sisi tunamchagua mtu mmoja, lakini kura za watu wote wa orodha hujumlishwa kwanza. Orodha ikipata kiti, kinakwenda kwa yule aliyepata kura nyingi kuliko wenzake wa orodha hiyo. Mwalimu akileta kura 900 za kijiji chake, na tajiri mwenye magari na redio akileta 3,000, kura 900 zimemwinua tajiri. Mwalimu anabaki na deni.

Mtaniuliza: je, sheria haiweki mpaka wa pesa ambayo mgombea anaweza kutumia? Hapana. Serikali inahesabu zile franka 1,600,000 za mlangoni na kutoa risiti. Nyingine zote, ziwe dola 5,000 au 500,000, hakuna anayezipima. Ni kama kupima kibuyu na kuacha pipa.

Sasa tuende pale ambapo pesa ina nguvu kuliko pote. Maseneta na magavana hatuwachagui sisi. Wanachaguliwa na wabunge wa jimbo. Kuwanunua watu 100,000 ni kazi ngumu, maana wengi watakula pesa yako na kumchagua mwingine. Lakini fikirini jimbo lenye wabunge 40 na viti 4 vya useneta. Kura 10 zinatosha kabisa kupata kiti. Watu kumi wanaingia katika sebule moja.

Tuliliona jambo hili Machi 2019. Katika Kinshasa viti vya useneta ni 8, na wabunge wa jimbo hawafiki 50, kwa hiyo kura sita au saba hutosha kiti kimoja. Chama cha UDPS, chama cha Rais mwenyewe, kilikuwa na wabunge 12 pale. Matokeo yalipotangazwa, hakikupata hata seneta mmoja. Kabla ya hapo wagombea kadhaa katika majimbo mbalimbali walikuwa wamejitoa, wakisema wabunge wanawadai pesa, na habari za siku zile zilitaja hadi dola 50,000 kwa kura moja. Watu wakatoka barabarani kwa hasira. Tarehe 18 Machi Rais Tshisekedi na wakubwa wengine wa nchi wakasimamisha kuapishwa kwa maseneta, wakaahirisha uchaguzi wa magavana, na kumwambia mwendesha mashtaka achunguze. Lakini kura ni ya siri: nani atathibitisha mkono upi uliuzwa? Haukupita muda mrefu, kizuizi kikaondolewa na maseneta wakaketi.

Kura kumi kwa dola 50,000 ni dola 500,000. Mtu aliyetoa pesa hiyo hakuitoa sadaka. Ataidai kwa njia mbili. Ya kwanza ni kazi za serikali: barabara au soko linajengwa na yule yule aliyelipa petroli ya kampeni, bila bei kushindanishwa. Ya pili ni mlango wa ofisi: mwenye kutoa anaingia bila kugonga, nanyi mnapewa tarehe isiyofika. Tena mbunge wa jimbo ndiye mwenye uwezo wa kumwita gavana, kumhoji na hata kumwangusha. Akiwa amekula pesa yake siku ya kura, atamhoji kwa mdomo gani?

Wako watakaosema huu ni ukarimu wetu, maana mkono mtupu haulambwi. Majirani zetu wa Tanzania walisema hivyo pia. Sheria yao ilimruhusu mgombea kutoa takrima, yaani kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilifuta ruhusa hiyo, maana maskini hawezi kukirimu sawa na tajiri, na hakuna awezaye kuonyesha takrima inaishia wapi na hongo inaanzia wapi. Mwaka 2010 wakatunga sheria ya gharama za uchaguzi, yenye mpaka wa matumizi na hesabu za kupeleka. Sisemi pesa imekoma kwao. Nasema angalau kuna kipimo, na mtu anaweza kushtakiwa kwa kukipita.

Basi tudai mambo matatu. Kwanza, kila zawadi kubwa kwa chama au mgombea iandikwe pamoja na jina la mtoaji, na daftari lisomwe na kila mtu kabla ya kura. Pili, uwekwe mpaka wa matumizi, na anayeupita apoteze kiti. Tatu, gavana na seneta wachaguliwe na wananchi wenyewe.

Na hapa chamani tusingoje sheria. Pesa ya kuweka majina itoke katika sanduku la chama, na majina yapigiwe kura katika matawi, wala yasitoke katika sebule ya mtu. Gunia lisilo na lebo tunalirudisha. Mgombea asiyetaka kusema pesa yake imetoka wapi, naye tumrudishe.